Ukimwonea wivu mwenzako ofisini, tafuta kipande kinachouma

Jumatatu saa tatu asubuhi ujumbe unaingia kwenye grupu la ofisi: mwenzako mliyeanza kazi siku moja amepandishwa cheo, sasa ni kiongozi wa timu ya ukaguzi wa hesabu. Unaandika "Hongera sana kaka, unastahili", unaweka simu mezani, na chapati uliyoagiza haishuki. Hapa Dar hali hiyo ina jina lake, roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Mbona mimi bado? Wengi wanaoanza kazi huizika upesi kwa aibu, na wanazika pamoja nayo taarifa kuhusu wanachokitaka wao wenyewe.

Kwanza tuweke maneno sawa. Husuda ni kutaka neema imwondokee mwenzako, hata kama wewe hutapata kitu. Walimu wa dini wa Pwani huitenganisha na ghibta, ambayo ni kutamani upate mfano wa alichopata naye abaki nacho. Watafiti wa Uholanzi, Niels van de Ven, Marcel Zeelenberg na Rik Pieters, waliandika mwaka 2009 juu ya tofauti hiyohiyo, kwa kuwa nao kwao kuna maneno mawili ya wivu. Mwaka 2011 wakaonyesha jambo linalotufaa zaidi hapa: kumhusudu kwa maana ya kwanza hakumsogezi mtu, na kumstaajabia tu mtu aliyefanikiwa kunapendeza moyoni lakini hakumtumi mtu kujisomea zaidi. Wivu wa aina ya pili ndio unaomtuma, pale mtu anapoamini kwamba na yeye anaweza kufika.

Angalia pia wivu wako unachagua nani. Mkurugenzi anayekaa Masaki na gari lake kubwa hakunyimi usingizi. Anayekunyima ni yule mliyepanda naye mwendokasi kutoka Kimara mwaka mzima. Aristotle aliliona hilo zamani, kwamba watu huwaonea wivu wanaolingana nao kwa umri, kazi na hali, na Leon Festinger akalieleza upya mwaka 1954 alipoandika kwamba tunajipima kwa wanaofanana nasi. Na hata kwa aliye karibu, si kila kitu kinauma. Mwenzako akiimba vizuri kwaya na wewe huimbi, unapiga makofi tu. Kinachouma kimegusa eneo ambalo wewe mwenyewe, kimyakimya, umelifanya kipimo chako.

Tatizo ni kwamba mafanikio ya mtu yanakuja yamefungwa furushi moja, na macho huona furushi. Hapo ndipo wageni wa kazi wanapokosea kwa gharama kubwa: mwenzao ana CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, basi nao wanakimbilia kujisajili mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mitihani hiyo inafanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na kila awamu inakula ada na wikiendi nyingi. Miezi kadhaa baadaye kijana amekaa na vitabu asivyovipenda, roho bado inamuuma, kwa sababu CPA haikuwa kipande chenyewe.

Kwa hiyo fungua furushi. Usifanye siku ileile, maana siku ya kwanza uchungu na aibu vimechanganyika na utaandika matusi tu. Ngoja siku ya tatu, kaa na karatasi, si kompyuta ya ofisi, uandike kila alichopata kwenye mstari wake. Kwa mfano wetu: cheo, nyongeza ya mshahara, CPA, safari za kikazi mikoani, kuwasilisha hoja za ukaguzi mbele ya wakurugenzi wa mteja, na bosi kumtaja kwa jina.

Kila mstari uulize maswali mawili. La kwanza: ningepewa hiki peke yake, vingine vyote akabaki navyo, ningetulia? La pili ni gumu kidogo: angenyang'anywa hiki, nami nisipate chochote, ningepata nafuu? Ukijibu ndiyo kwa la pili, mstari huo una husuda, na hautakwambia lolote kuhusu malengo yako. Uweke pembeni. Usijilaumu sana, lakini usiupangie mpango pia.

Mstari wa mshahara unahitaji hesabu kabla ya maswali, kwa kuwa kiasi kinachozunguka ofisini ni kile cha kabla ya makato. Tuseme mshahara wenu wa msingi tayari umevuka milioni 1.2 na yeye ameongezwa 400,000. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 40,000. Zinabaki 360,000 za kukatwa kodi, na kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25 kipato kinachozidi milioni 1 kwa mwezi kinatozwa asilimia 30, yaani 108,000. Kama bado analipa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo kwenye nyongeza hii ni 60,000. Kinachomfikia mkononi ni 192,000. Sasa uliza: kesho ningepata 192,000 kwa mwezi kwa njia nyingine halali, bila kuongoza timu, maumivu yangekwisha? Wengine hujibu ndiyo, na hilo ni jibu zuri kabisa. Lengo lao ni fedha, na zipo njia fupi kuliko kugombea cheo. Wengi wetu lakini tungeshangaa jinsi mstari huu unavyopoa baada ya makato.

Kwa CPA tumia kipimo cha siri: ningefaulu, lakini nikakatazwa kumwambia yeyote kwa mwaka mzima, ningefurahi? Kama furaha inayeyuka, ulichokitaka ni kuitwa CPA, na ujuzi wenyewe haujakuvuta. Safari pia zipime kwa uzito wake. Posho tunaijua wote, lakini weka pamoja nayo wiki tatu za nyumba ya wageni huko Mtwara na kuhesabu stoku jioni ya Desemba 31 wakati ndugu zako wako kwenye sherehe.

Tuseme umemaliza, na mstari unaoendelea kuuma baada ya vyote ni ule wa kuwasilisha hoja. Ungepewa huo peke yake, cheo na fedha abaki navyo, ungelala. Hapo umepata kitu cha kufanyia kazi, na unaweza kukijaribu bila kusubiri barua ya kupandishwa.

Anza kwa kumuuliza yeye mwenyewe, ila uliza kidogo. Swali kama "Kaka, ulifanyaje mpaka ukafanikiwa?" litakuletea mawaidha na "ni Mungu tu". Uliza "Ile hoja ya stoku uliipangaje mpaka mkurugenzi wa fedha akakubali?" na atakueleza dakika ishirini kwa raha, maana watu hupenda kuelezea kazi yao. Utakachosikia pengine ni kwamba hoja nzuri ina sehemu tano: hali iliyokutwa, kigezo kilichopaswa kufuatwa, sababu ya kasoro, athari yake, na ushauri.

Kisha muombe kiongozi wa timu yako, wiki moja kabla ya kikao cha kufunga ukaguzi, akuachie hoja moja tu uielezee kwa dakika tano. Chagua ndogo. Kwa mfano, kadi ya stoku kwenye ghala la Chang'ombe inasema mifuko 420, mmehesabu 396, ipo pungufu 24. Hiyo ndiyo hali. Kigezo ni utaratibu wa kampuni kwamba mfuko hautoki bila hati iliyosainiwa. Sababu, mtunza ghala huandika kadi jioni kwa kumbukumbu ya kichwa. Athari ni thamani ya mifuko 24 kwa bei iliyo vitabuni, na hii ihesabu mwenyewe na uijue kwa moyo, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ushauri, kadi iandikwe papo hapo mzigo unapotoka. Wanaoanza hukwama kwenye sababu: wanaandika "uzembe wa mtunza ghala", mteja anakasirika na kikao kinageuka ugomvi.

Fanya hivyo kwa wateja watatu, kisha ujichunguze. Ukitoka kikaoni unaanza kuwinda hoja ya mara ijayo, au unashukuru limekwisha? Ukishukuru kila mara, inawezekana ulichokionea wivu ni kusifiwa baada ya kikao. Nacho ni haja halisi, ila dawa yake ni nyingine: mwombe kiongozi wako akae nawe kila baada ya kazi akwambie kipi kilikwenda vizuri na kipi hapana. Usijenge miaka mitano ya kazi juu ya kiu ya kuambiwa "umefanya vizuri".

Zipo hali ambazo zoezi hili litakudanganya. Mojawapo ni uchovu. Kati ya Januari na Aprili, wateja wengi waliofunga hesabu Desemba wanapokaguliwa, mtu anaweza kumwonea wivu kila anayemwona, hata muuza madafu anayepumzika kivulini. Dalili ni kwamba wivu umetawanyika kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Subiri msimu upite, ulale, ndipo uandike karatasi.

Nyingine ni pale mwenzako alipopandishwa kwa sababu ni mtu wa nyumbani kwao bosi. Jiulize kama angekipata cheo hicho kwa usaili wa wazi ungeumia vilevile. Kama hapana, hicho ni kinyongo cha haki na hakikuelezi unataka kuwa nani. Omba vigezo vya kupanda cheo kwa maandishi, kwa heshima, na usikichanganye na mambo ya malengo.

Na chunga neno "ila". Ukijikuta kwa mama lishe unasema "jamaa anajua kazi, ila...", au faili aliloliomba asubuhi bado liko mezani kwako saa kumi, ghibta imeshaanza kugeuka husuda, na watu wa ofisi huiona kabla yako.

Suala la CPA litarudi tu. Kama vikao vitatu vimekuthibitishia kwamba unataka kusimama mbele ya wateja, na siku moja kusaini ripoti ya ukaguzi kwa jina lako, basi huwezi kuikwepa: lazima uwe na CPA na uwe umesajiliwa na NBAA kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu. Mitihani ni ileile ya Mei na Novemba, ada ni ileile. Chagua awamu ambayo maandalizi yake hayataangukia Januari hadi Aprili, na kwa ratiba za ofisi nyingi za ukaguzi mjini hapa, hiyo ni Novemba.