Sigara za kusokota na za kiwandani hapa Uingereza: bei, viungo na moshi

"Wakuu, niko Uingereza mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ghala. Pakiti ya sigara imenishinda bei. Jamaa karibu wote pale kazini wanasokota wenyewe, wanasema ni nusu ya gharama na ile tumbaku ni ya asili, haina kemikali za kiwandani, kwa hiyo hata kifua hakiumii sana. Waliowahi kutumia zote mbili naomba ukweli: nihamie?"

Mkuu, mimi nimevuta zote mbili, na kwa miaka kadhaa nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la mtaani Leicester nikiziuza zote mbili. Kwenye bei jamaa zako wana ukweli kiasi. Kwenye "asili" na kifua wamekosea.

Tuanze na hela. Nachukua bei za dukani kwetu za 2024, nikizikadiria: pakiti ya sigara 20 za kawaida pauni 14, kifuko cha tumbaku cha gramu 30 pauni 21. Usitafute kifuko kidogo zaidi ya hicho. Tangu Mei 2017 sheria imekataza kuuza chini ya gramu 30, kama ilivyokataza pakiti za sigara 10. Sigara ya kiwandani basi ni senti 70 moja. Ukisokota nyembamba, nusu gramu kila moja, kifuko kinatoa 60, sawa na senti 35. Weka karatasi na kichungi, senti 3 hivi, inakuwa 38. Hapo ndipo "nusu ya gharama" inapotoka.

Nafuu hiyo haitokani na tumbaku kuwa rahisi kulima wala na kazi ya kusokota unayoifanya mwenyewe. Sehemu kubwa ni kodi. Kwa viwango vya Novemba 2023, serikali ilikuwa inachukua pauni 316.70 kwa kila sigara elfu moja, na juu yake asilimia 16.5 ya bei ya rejareja. Tumbaku ya kusokota inatozwa kwa uzito, na wakati huo ilikuwa pauni 412.32 kwa kilo. Piga hesabu: sigara moja ya pakiti ya pauni 14 ilibeba kodi hiyo ya senti 43 hivi, msokoto wa nusu gramu senti 21 tu. Mwanya huo wanaujua, na bajeti za 2023 na 2024 zote mbili ziliipandisha tumbaku ya kusokota kwa kasi kuliko sigara. Kwa hiyo usijenge mpango wa miaka mitano juu ya tofauti hii.

Sasa angalia kodi kutozwa kwa uzito kunafanya nini mkononi mwako. Nafuu yote imesimama juu ya ile nusu gramu, na nusu gramu ni msokoto mwembamba sana. Mtu aliyetoka kwenye sigara ya kiwandani, ambayo ina tumbaku kama gramu 0.65 hadi 0.7, hauoni kama sigara kamili. Anajaza. Wateja wangu wengi walianza hivyo, na mimi pia vidole vyangu vilizoea unene fulani bila kuupanga. Chukua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, sokota kumi kama unavyosokota kila siku, zipime pamoja bila karatasi na vichungi, kisha gawa kwa kumi. Usisokote za maonyesho kwa ajili ya mizani.

Tuseme unavuta 15 kwa siku, yaani 105 kwa wiki. Za kiwandani ni pauni 73.50. Za nusu gramu zinakula gramu 52.5, na pamoja na karatasi na vichungi ni kama pauni 40. Lakini mizani ikisema gramu 0.75, unakula karibu gramu 79 kwa wiki, na gharama inafika pauni 58. Nafuu ya pauni 33 imeshuka hadi 15 na kidogo. Ongeza vumbi linalobaki chini ya kifuko, na ile misokoto ya ziada unayovuta kwa sababu kila mmoja "ni bei rahisi". Nimeona watu waliohama kwa ajili ya hela wakifika mahali wanatumia karibu kilekile walichokuwa wanatumia, na moshi umeongezeka.

Kwenye "asili" nakuomba ufanye jambo moja tu: fungua kifuko uiguse ile tumbaku. Ni laini, ina unyevu, inanata kidogo, inanukia utamu. Kiache kimefungwa wiki mbili, bado ni laini. Kama umewahi kushika jani la tumbaku kavu kule Tabora au Urambo, au ile ya kijijini ambayo wazee walikuwa wanaisokota kwenye kipande cha gazeti, unajua jani lenyewe likikauka linavunjika vipande mkononi. Hiki cha kifuko hakivunjiki kwa sababu kimetiwa vitu vya kushika unyevu, hasa gliserini na propilini glaikoli, na mara nyingi sukari na vionjo. Sigara ya kiwandani inakaa na unyevu wa asilimia 12 au 13 hivi. Ya kusokota inahitaji karibu asilimia 18 hadi 20, la sivyo haisokoteki. Kwa hiyo katika kila gramu 30 unazolipia, gramu tano au sita ni maji.

New Zealand kampuni zinalazimika kuripoti viungo serikalini, na taarifa zao zilionyesha kitu kilichowashangaza wengi: kwenye tumbaku ya kusokota viungo vilikuwa karibu asilimia 18 ya uzito mkavu, kwenye sigara za kiwandani asilimia 0.5 hivi. Hizo ni takwimu za nchi ile na mchanganyiko wa bidhaa zao, usizihamishie moja kwa moja kwenye kifuko chako. Ila zinatosha kuonyesha kwamba wazo la "kusokota maana yake hakuna kemikali" liko kinyume. Ukitaka kujua kampuni zenyewe zinaruhusiwa kudai nini, angalia kifuko: rangi ileile mbaya ya kijani-kahawia kama pakiti za sigara, na hakuna neno la asili wala ogani. Kanuni za 2016 zimeyakataza maneno hayo kwenye aina zote mbili. Dai hilo sasa linaishi midomoni mwa wavutaji tu, na kwenye pakiti za karatasi za kahawia ambazo hazijapaushwa.

Tuseme hata ungepata tumbaku isiyotiwa kitu. Ipo inayouzwa hivyo. Marekani mwaka 2015 mamlaka yao ya chakula na dawa iliziandikia kampuni barua za onyo kwa kutumia maneno kama "haina viungo", kwa sababu mnunuzi anaelewa kwamba madhara ni madogo. Sio madogo. Lami, kaboni monoksaidi, benzini na fomaldehaidi zinazaliwa jani linapoungua. Zile nitrosamini za tumbaku, ambazo ni kati ya visababishi vibaya vya saratani, zinajitengeneza wakati jani linakaushwa na kuhifadhiwa, kabla halijafika kiwandani. Ndiyo maana tumbaku ya babu kijijini, isiyo na kiungo hata kimoja, nayo iliua watu.

Jamaa zako watakwambia kingine: "Ya kusokota inazima yenyewe, maana yake haina baruti." Kuzima kuna sababu. Karatasi za kiwandani nyingi hutiwa chumvi za sitrati ili ziungue sawasawa, karatasi zako za kusokotea mara nyingi ni nyembamba na huungua polepole, na tumbaku yenyewe ina maji. Hilo linakwambia jinsi karatasi inavyoungua, halikwambii moshi una nini. Na ukiiwasha tena ile iliyozima unavuta kwa nguvu kupitia kipande ambacho tayari kimekusanya lami. Onja mvuto wa kwanza baada ya kuwasha upya, ule uchungu ndio huo.

Hilo la kifua kutouma nalo nalijua. Msokoto mwembamba una moshi kidogo kwa kila mvuto, koo linahisi wepesi. Lakini mwili unatafuta kiwango chake cha nikotini, na unakipata kwa kuvuta kwa kina zaidi, kushikilia moshi, au kuongeza idadi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti hapa Uingereza uliolinganisha wavutaji wa aina zote mbili kwa kupima mate na mkojo wao, sio kwa kuwauliza wanajisikiaje. Haukuona tofauti ya maana katika kiasi cha sumu kilichoingia mwilini.

Mimi mwenyewe nilipimwa kliniki ya kuacha sigara nikiwa msokotaji wa misokoto myembamba. Unashikilia pumzi sekunde kama kumi na tano, unapuliza polepole kwenye mrija wa karatasi, namba inapanda kwenye kioo kidogo. Inapima kaboni monoksaidi kwenye pumzi, na kuanzia 10 wanakuhesabu mvutaji. Yangu ilipita 20. Dada aliyekuwa ananipima aliniambia wale wanaovuta pakiti nzima ya kiwandani kwa siku waliopita asubuhi ile walikuwa hapohapo. Ukiwa na mashaka na maneno yangu, nenda ukapulize. Kipimo ni bure.

Neno moja kuhusu vifuko vya gramu 50 vya pauni 10 ambavyo lazima mtu atakuletea pale ghala. Tumbaku ya kusokota ndiyo inayoongoza kwa magendo hapa ukilinganisha na sigara. Ukiona kifuko chenye rangi za kuvutia, onyo la lugha nyingine, au tumbaku yenye vijiti na harufu ya ukungu, hakikupita kwenye kodi, na kama ni cha bandia hakuna anayejua kilichomo. Wale wanaotia ganda la chungwa kwenye kifuko ili kulainisha tumbaku iliyokauka nao wanakaribisha ukungu, kisha wanauvuta.

Kwa hiyo kama swali ni hela tupu na utashikilia nusu gramu kwa mizani, ndiyo, utaokoa. Kama ni kifua, hakuna cha kuhamia. Na siku utakayokwenda kliniki, usiseme tu "navuta misokoto kumi". Bandeji za nikotini hupangwa kwa idadi ya sigara, na ile ya miligramu 21 kwa kawaida huanzia kwa wanaovuta zaidi ya kumi kwa siku. Msokotaji hujihesabu vibaya, anapewa ya chini, haimtoshi, anarudi kwenye kifuko ndani ya wiki. Watajie gramu unazomaliza kwa wiki, na dakika ngapi baada ya kuamka unawasha ya kwanza. Kama ni ndani ya nusu saa, waambie hilo kabla ya yote.