Jeni Iliyoongezeka Mara 19 Ambayo Sikupaswa Kuichagua

Nilipopata matokeo yangu ya kwanza ya kulinganisha utendaji wa jeni katika majani ya viazi mviringo kutoka Uporoto, mimea 3 mizima na 3 yenye ukungu, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye nukta iliyojitenga kulia kabisa mwa mchoro wa volkano. Jeni hiyo ilikuwa imeongezeka mara 19, nami nilikuwa tayari kuagiza praima za kuipima upya.

Nukta hiyo ilikuwa mbali kulia, lakini ilikuwa chini. Mhimili mlalo huonyesha ukubwa wa badiliko kwa logi ya msingi wa 2, ambapo 1 ni ongezeko la mara mbili. Mhimili wima ni logi hasi ya msingi wa 10 ya thamani ya p, na kadiri nukta inavyopanda ndivyo inavyokuwa vigumu kudai kwamba tofauti imetokea kwa bahati tu; p ya 0.05 huangukia karibu na 1.3. Yangu ilifika 4.25 kwa mlalo na 0.4 tu kwa wima. Nikafungua hesabu zenyewe za vipande vya RNA vilivyosomwa kwa jeni hiyo, zilizokwisha kusawazishwa: mimea mizima ilikuwa na 0, 1 na 0, na yenye ugonjwa 1, 16 na 2. Ongezeko karibu lote lilibebwa na mmea mmoja, na kwa kuwa tuligawanya kwa wastani unaokaribia sifuri, uwiano ukavimba.

Jeni niliyoipita bila kuitazama ilikuwa na 5200, 5050 na 5340 kwa mimea mizima, na 7900, 7700 na 8150 kwa yenye ugonjwa. Hilo ni ongezeko la mara 1.5 tu, ila nukta yake ilikuwa juu sana, kwa sababu mimea ya kundi moja ilikubaliana. Kama ongezeko hilo linausaidia mmea kupambana na ukungu ni swali jingine, ambalo thamani ya p hailijibu.

Ramani joto, ambapo kila jeni ni mstari na kila mmea ni kisanduku cha rangi, ndiyo iliyonipotosha zaidi. Rangi zake kwa kawaida hupimwa ndani ya kila mstari, yaani umbali kutoka wastani wa jeni yenyewe ukigawanywa kwa mtawanyiko wake. Kwa hiyo ile 16 ilipata karibu 2 na kuwa nyekundu iliyokolea, wakati 8150 ilipata takriban 1 na kubaki hafifu. Mstari wenye kisanduku kimoja kilichokolea, huku majirani zake wa kundi hilohilo wakiwa wamepauka, ni dalili ya kurudi kwenye hesabu.

Siku hizi, kabla ya kuandika jina la jeni yoyote kwenye mchoro, nasoma kwanza `baseMean`, yaani wastani wa hesabu za jeni kwa mimea yote, na `padj`, yaani p iliyorekebishwa kwa kuwa tumepima jeni nyingi, kisha natazama kila mmea peke yake kwa DESeq2, kifurushi cha R:

```r
plotCounts(dds, gene = jeni, intgroup = "hali")
```

Ile ya mara 1.5 ndiyo niliyoiagizia praima.