Akiba mara tatu, lakini mshahara je?

"Nina mshahara wa kila mwezi. Nikijiunga na chama cha akiba na mikopo, hisa zangu ndizo zitakazonipa mkopo?"

Kwa kawaida hapana, ndugu. Hisa ni umiliki, nazo hulipwa gawio. Mkopo hupimwa kwa akiba, mara nyingi mara 3. Akiba ya 200,000 hufungua 600,000, ila vyama vingi hutaka theluthi ya mshahara ibaki baada ya makato.

Tuseme mshahara ni 90,000 na tayari unakatwa 45,000: theluthi ya 30,000 ikibaki, nafasi ya makato mapya ni 15,000. Kulipa 600,000 kwa miezi 48 ni 12,500 kwa mwezi, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi huongeza 6,000 mwanzoni. Hupati, labda upunguze mkopo.

Gawio likiwa kubwa mno, omba hesabu za chama zilizokaguliwa kabla hujajaza fomu.