Muhtasari wa maoni ya kisheria kwa mteja asiyejua sheria: nianzie wapi?

Swali: "Wakuu, wakili wetu kaandika maoni ya kurasa 11 kuhusu mteja anayetaka kuvunja mkataba. Nimepewa kazi ya kumfupishia mteja, yeye ni mfanyabiashara, sheria hajui. Nimepanga nianze na historia, nifuate vifungu, halafu hatari na ushauri nimalizie mwishoni ili aelewe mtiririko. Je, kurasa mbili zinatosha? Vifungu ninukuu kama vilivyo? Na nimtumie kwa imeli au nimpelekee mkononi?"

Usitume. Kama ushaituma mpigie simu sasa hivi umwambie asifanye kitu mpaka muongee.

Nasema hivi kwa sababu huo mpango wako wa "aelewe mtiririko" ndio uliniponza mimi, hatua kwa hatua, mpaka hizo kurasa mbili. Mteja wetu alikuwa na mkataba wa miaka 3 na jamaa wa kumsambazia vifungashio, jamaa kachelewesha mzigo mara nne, mteja kachoka, anauliza naweza kumwacha? Wakili akaandika maoni yake vizuri tu, kurasa 9. Kwa kifupi yalisema hivi: haki ya kuvunja mkataba ipo, kifungu cha 14.1, ila 14.3 inataka kwanza umpe notisi ya maandishi inayotaja kosa lake na siku 30 za kujirekebisha. Ukiruka hiyo hatua, wewe ndiye unayegeuka mvunja mkataba.

Sasa mimi na akili zangu nikakaa nikafupisha. Aya ya kwanza, lini walisaini. Ya pili, mizigo iliyochelewa na tarehe zake (nilijivunia sana lile jedwali, acha tu). Ya tatu nikaandika, nakumbuka neno kwa neno, "Kwa mujibu wa kifungu cha 14.1, mteja anayo haki ya kusitisha mkataba endapo msambazaji atakiuka sharti la msingi." Habari ya 14.3 na zile siku 30 ikaangukia ukurasa wa pili, katikati, chini ya kichwa cha habari "Masuala ya kiutaratibu." Nani anasoma kitu kinaitwa masuala ya kiutaratibu? Hata mimi nilipokuwa nakiandika nilikuwa nasinzia.

Mteja kaifungua kwenye simu akiwa kwenye foleni. Kafika kwenye "anayo haki ya kusitisha," kafunga. Jioni hiyo hiyo kaandika barua ya mistari mitatu: kuanzia leo mkataba umekwisha, asante kwa ushirikiano. Na wala hakunidanganya, aliponipigia alisema "si mliandika nina haki?" Tuliandika. Hapo ndipo roho iliniuma, kwamba kila sentensi yangu ilikuwa sahihi.

Wiki haijaisha barua ya wakili wa upande wa pili ikaingia: mteja wenu amevunja mkataba bila notisi, sisi tunakubali kwamba umekwisha, na tunadai faida yote ya miezi 19 iliyobaki. Jamaa aliyechelewesha mizigo mara nne ndiye sasa analia kaonewa! Tukamaliza nje ya mahakama, mteja akalipa kiasi sawa na faida ya miezi 5, wakati angesubiri siku 30 tu angetoka bila kulipa kitu, au mizigo ingeanza kufika kwa wakati. Mimi sikufukuzwa jamani, nilipewa heshima ya kupanga mafaili ya zamani kwa muda. Nayajua mafaili yote mpaka leo.

Na aliyenifundisha kuandika vile nampa lawama zake. Mkubwa wangu mmoja alikuwa na msemo kwamba hitimisho lazima "lizaliwe" na hoja, kwa hiyo linakaa mwisho, na ukimtangulizia mteja jibu hatasoma sababu. Baba, mteja hasomi sababu hata ukimfungia chumbani! Huo mpangilio ni wa kumwandikia hakimu au wakili mwenzako, mtu anayetaka kukagua kama hesabu yako imekaa sawa. Mteja ana swali moja tu, kesho asubuhi nifanye nini.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nyingine zote nimesahau: mistari ya kwanza kabisa iseme hatari ni ya kiwango gani na afanye nini, kabla ya jina la mkataba, kabla ya tarehe, kabla ya "rejea barua yako." Na hapa sikiliza vizuri, maana hata waliosikia hii sheria wanaikosea. Usiandike "hatari: ya wastani" ukaachia hapo. Hatari ya nini? Kesi haina hatari moja, kila njia ina yake. Kwenye kesi yangu kuvunja leo ilikuwa hatari kubwa, kuvunja baada ya notisi ilikuwa ndogo, ukizichanganya unapata "wastani" ambayo ni uongo kwa zote mbili. Halafu neno "kubwa" lifuatiwe na kitakachomtoka mfukoni, la sivyo kila mtu anajipimia ukubwa wake.

Ningeandika leo ingekuwa hivi:

"Hatari ni kubwa ukivunja mkataba sasa: unaweza kudaiwa faida ya miezi 19. Hatari ni ndogo ukitoa notisi kwanza. Tunashauri utoe notisi. Saini barua tuliyoambatanisha, imfikie msambazaji kwa maandishi kabla ya Ijumaa, kisha subiri siku 30 tangu aipokee. Asipojirekebisha, tutakuandalia barua ya kuvunja. Kwa sasa endelea kulipa ankara zake, na usimwambie kwa simu wala meseji kwamba mkataba umekwisha. Ushauri huu unabadilika kama uliwahi kumkubalia kuchelewa, hata kwa meseji, kwa hiyo tuambie kwanza."

Ule mstari wa mwisho usiutupe chini kwenye tanbihi. Wakili aliandika maoni yake akiamini jambo fulani ni kweli, na kama siyo kweli ushauri wote unayumba, kwa hiyo ukae ubavuni mwa ushauri wenyewe. Mteja wetu, kumbe, mzigo wa tatu alishajibu "sawa lete wiki ijayo." Tulijua baadaye sana.

Hizo historia na vifungu vyako viache, vikae chini ya hapo, atakayetaka atashuka. Ila kiwango cha hatari usikibuni mwenyewe. Wakili kasema "kuna uwezekano mkubwa," wewe usimgeuzie kuwa "utashinda" eti ndiyo lugha nyepesi. Na kama kurasa 11 nzima hajachagua njia (wapo, wanaorodhesha njia tatu halafu wanakutakia siku njema), rudi mlangoni kwake umuulize angekuwa yeye angefanya ipi, kisha asome ulichoandika na akubali kabla hakijatoka.

Kupima ni rahisi, ziba ukurasa wote uache mistari mitano ya juu, mpe mtu yeyote asiye wa sheria, muulize atafanya nini na hatafanya nini. Mimi yangu ya kwanza ningempa mlinzi wa getini angesema "anavunja mkataba," na tungeokoa ile miezi 5.

Badilisha majina uweke hapa hiyo mistari mitano yako, niione kabla mteja hajaiona.