Chuma cha moto na chuma cha baridi: nyundo ileile, matokeo mawili

Chukua msumari wa inchi 4 na kipande cha waya mweusi wa kufungia nondo. Vyote viwili vinatengenezwa kwa chuma laini chenye kaboni kidogo, na vyote vilivutwa vikiwa baridi mpaka vikafika unene wake. Hata hivyo msumari unapigwa nyundo na kuzama kwenye mbao bila kujikunja, na waya unausokota kwa koleo bila taabu. Tofauti ni kwamba waya ulirudishwa kwenye moto baada ya kuvutwa, msumari haukurudishwa. Ukitaka kuamini, choma huo msumari mpaka uwe mwekundu, uuache upoe wenyewe kwenye majivu, kisha jaribu kuupigilia kwenye mbao ngumu. Utapinda.

Chuma ni mkusanyiko wa punje ndogo sana, na ndani ya kila punje atomi zimepangwa kwa safu. Ukikigonga kikiwa baridi, au ukikipitisha kati ya rola, safu zinateleza, punje zinarefuka, na kasoro za mpangilio zinaongezeka mpaka zinazuiana. Ndiyo maana kila pigo linahitaji nguvu zaidi kuliko lililotangulia. Chuma kimepata nguvu, lakini uwezo wake wa kunyumbuka umepungua. Kikiwa na joto la kutosha, mambo hubadilika: punje mpya zisizo na kasoro zinazaliwa mahali pa zile zilizopondwa, kwa hiyo chuma kinabaki laini chini ya nyundo na unaweza kukipunguza unene mara tatu au nne bila kupasuka. Tatizo la moto ni kwamba punje hizo hazikomi kukua. Kadiri joto linavyozidi na muda unavyorefuka, punje kubwa zinameza ndogo, na chuma chenye punje kubwa huvunjika kirahisi.

Kwa hiyo anayefua kwa moto anatakiwa kujali zaidi joto analomalizia kuliko joto analoanzia.

Tuchukue tindo la kukatia zege, linalofuliwa kutoka bamba la springi ya gari, kazi ya kila siku kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi. Springi nyingi zina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6. Kabla ya kukata, safisha bamba kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, lifute likauke, halafu lipake chaki. Mahali penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Springi iliyochoka huwa na nyufa ambazo jicho halizioni, na kufua hakuziponyi. Kisha kata tindo lako kwa urefu wa bamba, usilikate kwa kukingama. Bamba lilipitishwa kwenye rola kiwandani, na uchafu mdogo uliomo ndani umelala kwa urefu kama mistari ya mbao. Tindo lililokatwa kwa kukingama linapasuka kwenye mlalo huo.

Anza kufua chuma kikiwa na rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea njano, takriban sentigredi 1,000 hadi 1,100. Kikianza kurusha cheche nyeupe kimeshaungua, na sehemu hiyo haiponi tena: ikate uitupe. Piga mapigo mazito wakati rangi bado ya chungwa, punguza uzito inaposhuka kwenye nyekundu, na weka nyundo chini inapofika nyekundu ya giza. Tazama rangi kivulini. Juani, chuma cha sentigredi 800 kinaweza kuonekana kama hakina moto kabisa, na hapo ndipo wengi wanapochoma kupita kiasi.

Kosa linaloharibu matindo mengi hutokea mwishoni. Umbo limeshapatikana, limebaki pindo dogo la kunyoosha, fundi anarudisha tindo motoni mpaka njano, anagonga mara mbili, anaweka pembeni. Punje zimekua kwenye moto huo na mapigo mawili hayakutosha kuzivunja. Kwa marekebisho madogo, joto la nyekundu linatosha. Vivyo hivyo usiache kipande katikati ya mkaa feni ikivuma huku unashughulikia kazi nyingine.

Punje zilizokua zinaweza kurudishwa. Choma tindo mpaka sumaku isilishike, karibu sentigredi 770, ongeza moto kidogo tu, toa, liache lipoe hewani mahali pakavu pasipo upepo mpaka rangi yote ipotee. Rudia mara tatu. Kila unapovuka joto hilo, punje zinazaliwa upya zikiwa ndogo zaidi. Baada ya hapo ndipo unapochoma ncha tena kupita kidogo pale sumaku inapoachia, unaizamisha kwenye oili, kisha unairudishia joto polepole mpaka rangi ya zambarau ikaribie buluu.

Jaribio la kujua ulivyofanya linahitaji vipande viwili vya springi ileile. Kimoja kichome njano kwa dakika kumi, cha pili kifanyie zile duru tatu. Vichome vyote mpaka joto la kuzamisha, vizamishe kwenye oili, bana kwenye jiliwa, funika kwa kitambaa kizito, vaa miwani na uvunje. Kipande kizuri kinaonyesha uso wa kijivu uliotulia, kama majivu laini. Kilichochomwa sana mara nyingi kinametameta kama sukari.

Chuma laini kikifuliwa baridi kina hesabu nyingine. Flati ya milimita 25 kwa 5 ukiigonga ifike unene wa milimita 4 umeipunguza kwa asilimia 20: imekuwa ngumu, vipimo vyake ni sahihi, haina magamba ya moto. Ukiendelea, sikiliza. Mlio wa nyundo unakuwa mkali, nyundo inaruka, na nyufa ndogo zinaanza pembezoni. Simama kabla ya nyufa. Choma mpaka nyekundu ya giza, karibu sentigredi 700, zika kwenye majivu makavu, kisha endelea. Ukichomelea kipande kilichopata nguvu kwa kufuliwa baridi, nguvu hiyo inapotea kando ya mchomeleo, kwa hiyo usiihesabu pale.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazoefu hawauoni. Ukifua baridi kidogo tu, tuseme asilimia 5 hadi 10, kisha ukachoma ili kulainisha, punje mpya zinazozaliwa ni chache, na kila moja inapata nafasi ya kukua sana. Chuma kinakuwa laini lakini uso wake, ukiukunja, unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Ama fua vya kutosha kabla ya kuchoma, ama usichome kabisa.

Na usikipashe moto kidogo ili "kirahisike". Kati ya sentigredi 200 na 300, pale uso uliosafishwa unapogeuka kahawia na kisha buluu, chuma laini hakinyumbuki kama kinavyonyumbuka kikiwa baridi kabisa. Ukikikunja hapo, kinaweza kupasuka kwenye kona. Kama hakikunjiki kikiwa baridi, kipeleke mpaka kiwe chekundu.