Chumvi ya bahari iliyofika Lushoto: kurasa za miji kwa fundi wa mafriji

Kaka yangu ana karakana ya mafriji, mafriza na viyoyozi hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Mafundi watatu, pikipiki mbili, na kirikuu kimoja cha kubebea mizigo. Mimi ndiye ninayemtunzia tovuti. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, wateja wa Muheza na Korogwe hawatuoni. Tutengenezee na kurasa za huko."

Nikamtengenezea. Nilichukua ukurasa wa Tanga uliokuwa unafanya vizuri, nikaunakili mara nane, kisha nikabadilisha jina: Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni, Mkinga, Mombo na Segera. Kazi ya jioni moja. Nililala nimeridhika kabisa.

Kama miezi miwili baadaye akapiga simu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Lushoto. Hakuwa na friji bovu. Alikuwa anacheka. "Mwanangu, huku tunalala na mablanketi mawili. Mnaandika eti joto la Lushoto na hewa ya chumvi ya bahari vinaharibu viyoyozi vyetu. Hiyo bahari ya Lushoto iko wapi?"

Nilikuwa nimebadilisha jina la mji, sentensi nikaziacha kama zilivyo. Ukurasa wa Tanga ulisema kweli, kwa sababu chumvi ya baharini hapa kwetu inakula kondensa za nje mpaka mapezi ya alumini yanamomonyoka ukiyagusa. Ulipopandishwa milimani Usambara, ukweli ule ule ukageuka kichekesho.

Baada ya aibu ile nikafungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoziona kurasa zake, ambacho nilikuwa sikiangalii. Kwenye ripoti ya kurasa, kati ya zile nane, mbili tu ndizo zilizokuwa zimeingizwa kwenye orodha ya Google. Nne zilikuwa chini ya maneno `Crawled - currently not indexed`, maana yake roboti ya Google imefika, imesoma, na haikuuweka ukurasa. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na roboti ilifanya vivyo hivyo. Kurasa za Mombo na Segera zilikuwa na maneno mengine: `Duplicate, Google chose different canonical than user`. Nilipoikagua anwani ya Segera, pale penye `Google-selected canonical`, yaani ukurasa ambao Google imeuchagua kuwa ndio asili, palikuwa na anwani ya ukurasa wa Korogwe. Google ilizisoma zote mbili, ikaamua ni kitu kimoja, ikabaki na mmoja.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kurasa kufanana peke yake si kosa la kuadhibiwa. Google huchagua mmoja na kuuacha mwingine, basi. Kosa lenyewe liko kwenye kanuni zake za spamu, linaitwa kurasa za mlango: kurasa nyingi zinazolenga miji tofauti, zilizotengenezwa ili kunasa watafutaji tu na kuwasukuma wote sehemu ile ile. Kanuni hiyo inataja pia kurasa zinazofanana sana ambazo zimekaa kama matokeo ya utafutaji kuliko mpangilio ulio wazi ambao mtu anaweza kuuzunguka. Hapo nilijiona mwenyewe. Kurasa zangu nane hazikuwa kwenye menyu. Aliyeingia ukurasa wa mwanzo asingeweza kuzifikia hata akibonyeza kutwa nzima. Nilizificha kwa sababu moyoni nilijua hazina la kumwambia mtu. Bahati nzuri, kwenye `Manual actions` palikuwa safi. Hatukuwa tumeadhibiwa na mkaguzi wa kibinadamu.

Kabla ya kupata dawa nilipoteza wiki moja na ujinga mwingine. Nikakaa kubadilisha maneno. Ukurasa mmoja ukasema "tunatengeneza friji", mwingine "tunakarabati jokofu", wa tatu "friji lako limekufa? Tupo". Hakuna kilichobadilika, na sasa naona sababu. Msomaji wa Muheza hakupata jambo hata moja ambalo wa Korogwe hakulipata. Niliibadilisha nguo, mwili ukabaki ule ule.

Kilichosaidia ni daftari la kazi la kaka. Kila kazi huandikwa tarehe, mahali, chombo, tatizo na kilichofanyika. Nikachukua miezi kumi na minane ya nyuma, nikapanga kazi zote kwa mji. Picha ikajitokeza yenyewe. Muheza, Pangani na Korogwe zilikuwa na kazi za kutosha, na za aina tofauti. Lushoto kazi tatu, zote za mafriza ya hoteli, hakuna kiyoyozi hata kimoja. Mkinga mbili. Mombo na Segera hakuna kabisa. Nilikuwa nimeandika "sisi ni mafundi wenu wa Segera", ilhali Segera tunapita tu na kununua mahindi ya kuchoma.

Nikaamua kurasa zibaki tatu. Miji mingine yote ikaingia kwenye ukurasa mmoja unaoitwa Maeneo, kila mji mistari miwili au mitatu: tunafika au hatufiki, nauli ya fundi ni ya nani, na je, chombo kinaweza kuletwa Tanga kwa basi. Ukurasa huo upo kwenye menyu, na kutoka hapo mtu anabonyeza kwenda Muheza, Pangani au Korogwe.

Nieleze wa Pangani, maana huo ndio ulionifundisha zaidi. Nilikaa na fundi anayekwenda huko, nikamuuliza maswali ya kawaida tu. Unakwenda siku gani? Jumanne na Ijumaa, isipokuwa pakiwa na dharura. Unakuta nini? Mafriza ya samaki, mengi yenye mpira wa mfuniko uliopasuka, kwa sababu yanafunguliwa kutwa, na maji ya chumvi ya samaki yanakaa kwenye ukingo. Mwenye friza anadhani gesi imeisha, kumbe baridi inatoka pembeni. Namna ya kujua? Funga mfuniko juu ya noti ya karatasi halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Na viyoyozi vya nyumba za wageni zilizo karibu na maji? Kondensa zinaoza kabla ya kompresa. Yeye huwaambia waoshe kondensa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila presha kubwa, umeme ukiwa umezimwa. Na je, wateja wa Bweni, ng'ambo ya mto? Anawafikia, lakini waseme mapema, kwa sababu kuvuka na mtungi wa gesi na vifaa si sawa na kuvuka mikono mitupu.

Hayo majibu ndiyo ukurasa. Niliongeza picha nne alizopiga mwenyewe kwa simu, ikiwemo ya kondensa iliyooza, na maelezo ya kazi moja mwanzo hadi mwisho bila jina la mteja: friza la samaki, malalamiko yalikuwa "haligandishi", mafundi wawili waliotangulia walilijaza gesi, tatizo likawa mpira na feni ya kondensa iliyokwama kwa kutu.

Muheza ikatoka tofauti bila mimi kujilazimisha. Kule daftari limejaa mafriza ya juisi na maji, na bodi za friji zilizoungua umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa hiyo ukurasa unaeleza kinga ya umeme, wakati gani bodi inatengenezeka na wakati gani ni kubadilisha. Korogwe ni mabucha na nyumba za wageni za kando ya barabara kuu, watu ambao friza likizima usiku hasara inaanza asubuhi. Hao wanataka kujua jambo moja: ukipiga simu saa nne usiku, fundi anafika lini? Jibu la kweli ni asubuhi, na tumeliandika hivyo, pamoja na la kufanya kabla hajafika.

Kipimo ninachotumia sasa ni kile alichonipa mama wa Lushoto bila kujua. Badilisha jina la mji kwenye ukurasa mzima, usome upya. Kama hakuna sentensi hata moja iliyogeuka uongo, ukurasa huo hauna mji, una jina tu. Wa Pangani ukiuita Korogwe, chumvi, samaki na Ijumaa vyote vinakugomea.

Hiyo haimaanishi kila neno liwe jipya. Bei ya kumwita fundi na masharti ya dhamana ni yale yale kila mahali, na kuyarudia kwa kifupi hakuna ubaya. Sisi tumeyaweka kwenye ukurasa wake mmoja, na kurasa za miji zina kiungo cha kwenda huko.

Zile kurasa tano za zamani sikuzifuta hivi hivi, kwa sababu kuna watu walishatumiana anwani zake. Nilizielekeza moja kwa moja kwenye ukurasa wa Maeneo, ambako mji huo umetajwa. Kwenye faili la `.htaccess` ni mstari mmoja kwa kila ukurasa:

```
Redirect 301 /fundi-friji-lushoto/ /maeneo/
Redirect 301 /fundi-friji-mombo/ /maeneo/
```

Usizielekeze zote ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta Lushoto akatua pasipotajwa Lushoto ataondoka, na Google yenyewe inaweza kulihesabu elekezo la namna hiyo kama ukurasa usiokuwepo.

Jambo jingine, la ramani. Kijana mmoja alimshauri kaka afungue wasifu wa biashara wa Google kwa kila mji, akitumia anwani ya duka la rafiki kule Korogwe. Nilikataa. Biashara inayowafuata wateja na yenye karakana moja inatakiwa kuwa na wasifu mmoja, kisha unataja maeneo unayohudumia. Yanaruhusiwa hadi 20, na mwongozo wao unataka mpaka wa eneo usizidi kama mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka ulipo. Lushoto ilijitoa yenyewe hapo. Anwani ya kuazima ikigundulika wasifu unaweza kusimamishwa, na wasifu wa Tanga ndio unaolisha karakana.

Na usitarajie ukurasa ukupe usichoweza kukipata. Kwenye ramani, umbali kati ya mtafutaji na biashara una uzito mkubwa, kwa hiyo fundi mwenye kibanda Korogwe mara nyingi atatutangulia pale Korogwe, hata tukiandika vipi. Ukurasa wetu unapambana kwenye matokeo ya kawaida yaliyo chini ya ramani. Wa Pangani uliingia kwenye orodha baada ya wiki kadhaa, wa Muheza ukafuata, wa Korogwe ulichelewa zaidi. Wanaopiga sasa wanaanza na, "Nimeona mnakuja Ijumaa," au, "Nimejaribu ile noti, imetoka."

Kaka bado ananiulizia ukurasa wa Handeni. Nimefungua daftari: kazi nne, tatu kati yake za nyumba moja. Handeni imebaki na mistari yake miwili kwenye ukurasa wa Maeneo.