Katiba ya kikundi kabla ya kwenda kuchapwa: barua yangu kwa kamati

Makatibu wenzangu wawili wa vikundi jirani wameniomba niwaeleze nilivyoinyoosha katiba yetu kabla ya kuipeleka kuchapwa. Nimeona niwape barua yenyewe niliyoiandikia kamati, maana humo nimeeleza kila nilichogusa na kila nilichokiacha. Ushauri wangu mkubwa ni huu: mkiifanya kazi hii, andikeni barua ya namna hii. Katiba ni mali ya wanachama, na katibu anayeirekebisha peke yake usiku nyumbani kwake ana deni la kuwaonyesha alichofanya.

Mbagala, Dar es Salaam

Mama Mwenyekiti, Mweka Hazina na wajumbe wote wa kamati,

Salaam. Mlinikabidhi faili la katiba mpya kwenye flashi mkaniagiza niliweke sawa, twende nalo Kariakoo tukachape vitabu vya wanachama wote 36. Kazi nimeimaliza, isipokuwa mambo matatu ambayo si yangu kuyaamua. Nitayafikia.

Kabla sijagusa herufi hata moja, nililinakili faili na kuliweka lile la mwanzo pembeni, bila kulibadilisha. Kisha nikaweka mezani katiba ya zamani iliyochapwa pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mabadiliko. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa mashahidi wangu. Pale ambapo faili lilipingana navyo, sikujitungia jibu.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye namba za vifungu. Mnakumbuka mkutano mkuu uliongeza kifungu kipya cha Mfuko wa Jamii, nacho kikawekwa baada ya Mikopo, kikawa cha 7. Aliyetuchapia alisogeza namba za vichwa vyote vinavyofuata: Uongozi uliokuwa wa 7 ukawa wa 8, Mikutano ikawa ya 9, Nidhamu ikawa ya 10. Hapo alifanya vizuri. Lakini ndani ya maandishi, vifungu vinavyotajana vilibaki na namba za zamani. Kifungu cha 6(d) kinasema mkopaji atakayekosa marejesho miezi mitatu mfululizo "atachukuliwa hatua kwa mujibu wa kifungu cha 9". Zamani cha 9 kilikuwa Nidhamu. Sasa ni Mikutano. Ndiyo maana mwenzetu aliyeitwa mbele ya kamati kwa deni aliishika kopi yake akasema, "Cha tisa kinaeleza mikutano, adhabu iko wapi?" Tulinyamaza, shauri likaahirishwa, na fedha za wenzetu mpaka leo ziko nje.

Niliwinda kila mahali kifungu kimoja kinapotaja kingine. Kutafuta neno "kifungu" peke yake hakutoshi. Nilitafuta pia "vifungu", "ibara" na "kipengele", kisha nikausoma waraka wote kwa macho kwa sababu ya maneno kama "hapo juu" na namba zilizoandikwa kwa maneno, mfano "cha tisa". Nilipata sehemu 17. Sita zinataja vifungu vya 1 hadi 6, ambavyo havikusogea, kwa hiyo ziko sahihi. Zilizobaki 11 zinataja vifungu vilivyosogea, na rahisi ingekuwa kuongeza moja kila mahali. Ningefanya hivyo ningeharibu, kwa kuwa mbili kati ya hizo mtu alishazirekebisha kwa mkono. Nilizilinganisha moja baada ya nyingine na katiba ya zamani, nikijiuliza kila mara: hapa walikusudia jambo gani? Tisa nikazisahihisha.

Kisha nikaziba tundu lenyewe. Namba zote zilikuwa zimechapwa kwa mkono, kwa hiyo kifungu kikiongezwa tena mwakani tutarudi palepale. Kwenye Word nilivipa vichwa vyote mtindo wa `Heading 1` wenye namba zinazojihesabu, na vifungu vidogo nikaviweka ngazi ya chini yake ili (a), (b) na (c) zijipange zenyewe. Kila mahali palipoandikwa "kifungu cha 9" nikaifuta namba, nikaingia `References`, halafu `Cross-reference`, nikachagua `Numbered item` na kukionyesha kifungu chenyewe kwenye orodha. Kwa kifungu kidogo kama 6(d) nilichagua `Paragraph number (full context)`, la sivyo inatokea (d) tupu na msomaji hajui ni ya kifungu kipi. Sasa namba hizo zimefungwa na vifungu vyake.

Jambo moja katibu atakayenifuata alijue: namba hizo hazibadiliki palepale unapoongeza kifungu. Ni lazima uchague waraka wote kwa `Ctrl+A` halafu ubonyeze `F9`. Na kama kifungu kinachotajwa kimefutwa kabisa, mahali pake patatokea maneno `Error! Reference source not found.` Asishtuke. Kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko namba isiyo sahihi inayokaa kimya miezi mitano. Kabla ya kuchapa, atafute neno `Error!` ahakikishe halipo.

Kuna dosari ndogo niliyoikuta sehemu tatu, nayo ingetuaibisha kwenye karatasi. Mliona kwenye kopi "kifungu cha 4©"? Ile alama ya hakimiliki imewekwa na kompyuta yenyewe. Ukichapa mabano yenye herufi c ndani, Word hudhani unataka alama hiyo na kuibadilisha papo hapo. Ukiona imebadilika, bonyeza `Ctrl+Z` mara moja, mabano yanarudi. Mimi nimeifuta kabisa amri hiyo kwenye orodha ya `AutoCorrect` ya kompyuta yangu, lakini kompyuta nyingine itairudia, kwa hiyo itafuteni alama hiyo kila faili linapopita mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa kuhusu maneno. Chombo hiki chenu kimeitwa "uongozi" sehemu moja, "kamati" sehemu nyingine, na "kamati ya utendaji" kwingineko. Kwa kuwa kifungu cha 8 ndicho kinachoiunda na kinaiita kamati ya utendaji, jina hilo ndilo nililolishika kote. Nawasihi makatibu wasiitumie ile amri ya kubadilisha yote kwa mpigo. Nilijaribu kwenye nakala ya majaribio nikapata "kamati ya utendaji utaitisha mkutano" na "kamati ya utendaji wa kikundi", kwa sababu uongozi "utaitisha" lakini kamati "itaitisha", na uongozi ni "wa" ilhali kamati ni "ya". Mahali palipokuwa tayari na "kamati ya utendaji", neno "kamati" lilipobadilishwa tukapata "kamati ya utendaji ya utendaji". Nimebadilisha moja moja, nikisoma sentensi nzima kila mara. Na mahali ambapo "uongozi" ni kazi ya kuongoza na si kamati, kwa mfano "sifa za uongozi", nimeuacha.

Hapa ndipo nilipofika kwenye mambo matatu niliyoyaacha kama yalivyo, na nimeyapaka rangi ya njano kwenye faili.

La kwanza ni neno "mjumbe" kwenye kifungu cha 9: "kila mjumbe atakuwa na kura moja". Kwingine kote mjumbe ni mtu wa kamati. Kama maana yake ni hiyo hapa pia, basi kwenye mkutano mkuu kura ni za wajumbe saba tu, na wanachama 29 wanakaa kutazama. Naamini walikusudia "mwanachama". Lakini kuamini kwangu hakubadilishi haki ya mtu ya kupiga kura.

La pili ni faini ya kuchelewa hisa, iliyoandikwa "Sh 5,000 (shilingi elfu tatu)". Muhtasari wa mkutano unasema faini ilipitishwa, kiasi haukitaji.

La tatu ndilo zito. Kifungu cha marekebisho kinataka "theluthi mbili ya wanachama", lakini kifungu cha mikutano kinasema katiba itarekebishwa kwa "theluthi mbili ya waliohudhuria". Pigeni hesabu. Sisi ni 36, na akidi yetu ni nusu, yaani 18. Theluthi mbili ya wanachama wote ni 24. Theluthi mbili ya 18 waliohudhuria ni 12. Kwa sentensi moja watu 12 wanaweza kubadilisha katiba ya watu 36, kwa sentensi nyingine hawawezi hata wakikesha. Mimi ningechagua ile ya 24, na nitaisema hivyo kikaoni nikiwa mwanachama. Nikiwa katibu, kalamu yangu haifiki hapo. Kuweka nafasi na namba sawa ni usafi, ila hili ni rekebisho la katiba, na rekebisho lina mkutano wake.

Ili msinichukulie kwa maneno tu, nimelinganisha faili la mwanzo na langu kwa `Review`, kisha `Compare`. Kompyuta imetoa waraka wa tatu unaoonyesha kila kilichofutwa na kila kilichoongezwa. Mtaona wekundu mwingi kwenye namba, kwa sababu zilizochapwa kwa mkono zimeondoka. Zipiteni haraka, macho myaweke kwenye maneno.

Mwisho ni uchapaji. Tulipanga kuchapa A4 halafu duka litupunguzie hadi kijitabu cha A5. Nimeliacha wazo hilo. A4 ikipunguzwa kuwa A5 inabaki asilimia 71 hivi ya upana wake, na herufi ya ukubwa wa 12 inakuwa kama ya 8 na nusu. Mama zetu wa mstari wa mbele hawataisoma. Nimeuweka waraka wenyewe kwenye ukubwa wa A5 tangu mwanzo, herufi za 11. Zimetoka kurasa 22. Kijitabu cha kukunja na kupigwa pini katikati kinahitaji kurasa zinazogawanyika kwa nne, hivyo nimefikisha 24, yaani karatasi sita za A4 kwa kila kitabu. Zile mbili za ziada nimezifanya ukurasa wa saini na ukurasa wa mwanachama kuandika jina na tarehe ya kujiunga.

Dukani nitapeleka PDF, si faili la Word. Mara iliyopita kompyuta ya duka haikuwa na aina yetu ya herufi, ikaweka nyingine, na vichwa vikabaki peke yake chini ya kurasa. Nitaomba kitabu kimoja kwanza, nikifungue palepale nione ukurasa wa 1 uko karatasi moja na wa 24, na wa 2 na wa 23, ndipo niruhusu vingine 35.

Naomba kikao cha Jumapili kitoe jibu la "mjumbe" na la faini, na kiitishe mkutano mkuu kwa ajili ya ile theluthi mbili. Mpaka hapo rangi ya njano itabaki na flashi itakaa kwangu.

Wenu katika kazi,
Katibu